Swali moja la mageti, majibu matatu tofauti, na jedwali linayakubali yote. Nani apewe maksi?

#1 Korosho Ghafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Vijana watatu wa kidato cha sita hapa Mtwara mjini wamefanya jaribio la fizikia, sehemu ya elektroniki, swali moja wakatoka na majibu matatu. Mwongozo wa kusahihishia una jibu moja, kwa hiyo wawili wamekatwa. Jedwali la ukweli walilopewa ni hili:

```
A B C | F
0 0 0 | 1
0 0 1 | 1
0 1 0 | 1
0 1 1 | 0
1 0 0 | 0
1 0 1 | 1
1 1 0 | 1
1 1 1 | 1
```

Waliambiwa (a) waandike usemi wa Boole wa F, (b) waurahisishe kadiri inavyowezekana, (c) wachore saketi kwa mageti ya NAND peke yake. Sehemu ya (a) wote wamepata. Majibu ya (b) ndiyo haya, alama ya ' ni kinyume:

```
Wa kwanza:  F = A'B' + AC + BC'
Wa pili:    F = A'C' + B'C + AB
Wa tatu:    F = A'C' + B'C + AC + BC'
```

Mwongozo una jibu la wa kwanza. Nataka kujua hao wawili wamekosea wapi, maana kila nikiangalia hatua zao sioni pa kuweka kalamu nyekundu.

#2 Bandari Kavu

Mkuu, usemi ukirahisishwa mpaka mwisho unabaki mmoja. Ni kama sehemu 6/8, utaipunguza upendavyo lakini mwisho ni 3/4 tu. Ukiona watu wawili wana majibu yasiyofanana, basi mmoja kakosea au hajamaliza. Wa tatu ana vipande vinne, huyo wazi hajamaliza. Wa pili atakuwa kachanganya herufi mahali.

#3 Mwalimu wa Nachingwea

Bandari Kavu, kwa wa tatu uko karibu na ukweli, kwa wa pili hapana. Tusibishane kwa macho, tupitishe mistari.

Chukua jibu la pili. Kipande A'C' kinawaka A na C zikiwa 0, yaani mistari 000 na 010. B'C kinawaka 001 na 101. AB kinawaka 110 na 111. Jumla mistari sita, ile ile yenye 1 kwenye jedwali, na 011 na 100 hazijaguswa na kipande chochote. Jibu ni sahihi asilimia mia.

La kwanza: A'B' inachukua 000 na 001, AC inachukua 101 na 111, BC' inachukua 010 na 110. Sita zile zile.

La pili na la kwanza yote yana vipande vitatu na herufi sita. Hakuna lililo fupi kuliko mwenzake. Mfano wa sehemu za hesabu haufai hapa, kwa sababu kwenye aljebra ya Boole ufupi wa mwisho unaweza kuwa zaidi ya mmoja, na jedwali hili limepangwa vizuri sana kulionyesha hilo.

#4 Bandari Kavu

Mwalimu shikamoo. Sasa inawezekanaje kanuni zile zile, pa kuanzia pale pale, pa kufikia pawili?

#5 Mwalimu wa Nachingwea

Marahaba. Andika ile mistari sita kwa mpangilio huu, kila mmoja ukitofautiana na jirani yake kwa tarakimu moja tu:

```
000 - 001 - 101 - 111 - 110 - 010 - (rudi 000)
```

Umepata pete. Kila jirani wawili wanaungana kuwa kipande kimoja, kwa sababu ile herufi iliyobadilika inafutika: X + X' = 1. Kwa hiyo kuna vipande sita, kimoja kwa kila kiungo cha pete: A'B', B'C, AC, AB, BC', A'C'. Hakuna pa kupata kundi la wanne.

Kazi iliyobaki ni kuchagua viungo vichache vinavyogusa mistari yote sita. Kila kiungo kinagusa miwili, basi vinahitajika vitatu kwa uchache. Ukianza na 000-001 utaruka kimoja kimoja, unapata A'B', AC, BC'. Ukianza na 001-101 unapata B'C, AB, A'C'. Njia ni hizo mbili tu, hakuna ya tatu yenye viungo vitatu. Mwanafunzi anayeshika jozi ya kwanza kutoka juu ya jedwali anaangukia la kwanza, anayeona 001 na 101 mapema anaangukia la pili. Hakuna aliyekosea.

#6 Dafu la Kilwa

Mbona mnazunguka? Mimi nimepata fupi kuliko yote:

```
F = A'BC + AB'C'
```

Vipande viwili tu. Nimesoma jedwali mistari miwili ya katikati.

#7 Binti Mikindani

Dafu, mistari ya katikati ndiyo yenye 0, ndugu yangu. Ulichoandika ni F', kinyume cha F. Weka A=0, B=0, C=0 kwenye usemi wako uone: unatoa 0, jedwali linasema 1.

Ila usiifute hiyo karatasi. Ipigie mstari juu yote, kisha tumia De Morgan:

```
F = (A'BC + AB'C')'
F = (A + B' + C')(A' + B + C)
```

Hili nalo ni jibu sahihi la swali. Mabano mawili, herufi sita. Kwa hiyo tuna la nne, na ukihesabu makundi ni fupi kuliko hilo la mwongozo: mawili dhidi ya matatu.

#8 Korosho Ghafi

Nimekuja na tatizo moja naona mnaniongezea. Je, "kadiri inavyowezekana" ingekuwa na maana ya la Binti Mikindani?

#9 Fundi Shangani

Inategemea unahesabu nini, na swali halikusema. Ukihesabu herufi, la kwanza, la pili na la mabano yako sawa, sita sita. Ukihesabu makundi, mabano yanashinda. Ukihesabu mageti ya aina yoyote, kuna njia nyingine ambayo vitabu vya shule haviigusi sana: tazama F ni 0 lini. Ni pale B na C zinapolingana huku A ikitofautiana nazo. Basi:

```
F = ((A xor B)(B xnor C))'
```

Chipu moja ya 74HC86, ambayo ina XOR nne (unatumia tatu, moja ukiifungia mguu kwenye 1 ili igeuze), na NAND moja ya 74HC00. Chipu mbili, hakuna geti la NOT hata moja.

#10 Mwalimu wa Nachingwea

Fundi, hiyo ni saketi nzuri lakini sehemu (c) inataka NAND peke yake. Msomaji wa mtihani anaongozwa na (c). NAND juu ya NAND inatoka moja kwa moja kwenye jumla ya vipande, ndiyo maana jibu la mtindo wa (b) lilitarajiwa kuwa jumla. Mtahini hakuandika, ila alitarajia.

#11 Kandili

Turudi kwa yule kijana wa tatu, maana naona mmemwacha. Bandari Kavu kasema hajamaliza. Hebu mtu amalize mbele yetu kwa kanuni za kawaida:

```
F = A'C' + B'C + AC + BC'
```

Nimejaribu kutoa nje herufi za pamoja, C(A + B') + C'(A' + B), nikakwama hapo. Nimejaribu kufuta kipande kimoja kimoja, na kila nikifuta jedwali linaharibika. Toa A'C', unapoteza 000. Toa B'C, unapoteza 001. Toa AC, unapoteza 111. Toa BC', unapoteza 110. Hakuna cha kutoa. Kama hakuna cha kutoa, kwa nini tuseme hajamaliza?

#12 Mwalimu wa Nachingwea

Hapa ndipo penye utamu wa swali lote. Kandili uko sahihi, hakuna cha kutoa. Na bado si fupi kuliko yote. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wanafunzi wengi wanayachukulia kama moja.

Angalia pete. Viungo alivyochagua ni 000-010, 001-101, 101-111, na 110-010. Mstari 101 umeguswa mara mbili, na 010 umeguswa mara mbili. Upotevu uko hapo, lakini umegawanyika sehemu mbili, kwa hiyo hakuna kiungo kimoja ambacho ni cha ziada peke yake. Ili kufupisha lazima kwanza urefushe. Ongeza AB, ambayo inaruhusiwa kwa sababu AC na BC' zikiwepo AB haibadilishi kitu: A na B zikiwa 1, C ikiwa 1 AC inawaka, C ikiwa 0 BC' inawaka.

```
F = A'C' + B'C + AC + BC' + AB
```

Sasa AC imekuwa ya ziada, kwa sababu B'C na AB zinaibeba: A na C zikiwa 1, B yoyote ile moja kati ya hizo mbili inawaka. Ifute. Kisha BC' nayo ni ya ziada, kwa sababu AB na A'C' zinaibeba. Ifute pia. Imebaki:

```
F = A'C' + B'C + AB
```

Jibu la wa pili. Aljebra peke yake haikuambii lini uongeze kipande ili ufute viwili. Unaweza kuwa na mkono mwepesi wa kanuni zote na bado ukakaa kwenye vipande vinne mpaka muda unaisha.

#13 Kandili

Shukrani mwalimu. Kwa hiyo kijana alianza na sita zote akafuta vibaya?

#14 Mwalimu wa Nachingwea

Sijaona karatasi yake, ila njia ya uhakika ya kufika pale ni hiyo. Ukiwa na vipande sita vyote vya pete, kila kimoja ni cha ziada, majirani zake wawili wanakibeba. Ukifuta A'B' halafu ukafuta AB, ambavyo viko pande mbili za pete zinazotazamana, umejifungia. Ungefuta A'B' halafu AC, bado mlango wa BC' upo wazi na unafika kwenye tatu.

#15 Korosho Ghafi

Nimeangalia. Ndivyo alivyofanya hasa, aliandika zote sita akafuta A'B' kisha AB. Hatua zote mbili zina sababu iliyoandikwa pembeni.

#16 Tandahimba Juu

Mimi naona chanzo cha ugomvi ni mwongozo wenyewe. Kwenye ramani ya Karnaugh jedwali hili linakaa hivi, safu za BC zikiwa 00, 01, 11, 10:

```
        00  01  11  10
A=0      1   1   0   1
A=1      0   1   1   1
```

Ukingo wa kushoto na wa kulia ni majirani, kwa hiyo 1 ya kona ya juu kushoto inaungana na 1 ya kona ya juu kulia. Hiyo ndiyo A'C'. Asiyekumbuka ukingo haioni. Na asipoiona, jibu linakuwa moja tu: 000 hana mwenzake ila 001, basi A'B' ni lazima, 010 hana mwenzake ila 110, basi BC' ni lazima, zimebaki 101 na 111, zinabebwa na AC. Jibu la mwongozo, bila hiari yoyote. Mtunga swali alisahau ukingo akaamini jibu ni moja.

#17 Binti Mikindani

Inawezekana, ila haithibitishi. Aliyeona ukingo naye angeweza kuandika la kwanza kwa sababu tu ndilo lililomjia mkononi. Miongozo mingi inaandika jibu moja na kumwachia msahihishaji akubali linalolingana nalo. Mimi naona shida iko kwa msahihishaji aliyelinganisha herufi kwa herufi.

#18 Fundi Shangani

Au ametumia programu ya kurahisisha. Programu nyingi zikikuta pete kama hii zinatoa moja na kunyamaza, hazisemi kuna nyingine ya urefu ule ule.

#19 Dafu la Kilwa

Mimi nimechora ramani nikapata kundi la nne katikati! Safu za 01 na 10, mistari yote miwili. Mwalimu alisema hakuna kundi la wanne.

#20 Binti Mikindani

Dafu, umepanga safu 00, 01, 10, 11, sivyo? Mpangilio huo unaweka 01 karibu na 10, na hizo zinatofautiana kwa tarakimu mbili. Dalili yake ni hii: umezungushia nne, halafu ukitafuta herufi isiyobadilika ndani ya duara hupati. A inabadilika, B inabadilika, C inabadilika. Kundi halali la nne kwenye ramani ya herufi tatu lazima likuachie herufi moja. Lisipokuachia, usitafute jibu, rudi ukaangalie vichwa vya safu.

(Kwa bahati mraba wako ni B xor C, hiyo nusu ya kazi ya Fundi kule #9. Ila kwenye mtihani ungeandika nini hapo?)

#21 Dafu la Kilwa

Nilikuwa nataka kuandika BC. Nanyamaza, nachora upya.

#22 Kandili

Kwa wenye kompyuta, hii inapitisha majibu yote matatu kwa mistari minane:

```python
for n in range(8):
    A, B, C = n>>2 & 1, n>>1 & 1, n & 1
    a, b, c = 1-A, 1-B, 1-C
    J1 = a&b | A&C | B&c
    J2 = a&c | b&C | A&B
    J3 = a&c | b&C | A&C | B&c
    print(A, B, C, J1, J2, J3)
```

Nimeandika kinyume kama 1-A kwa makusudi. Ukitumia alama ya ~ kwenye Python, ~0 ni -1 na ~1 ni -2, na mstari wa 011 utakuletea -2 kwenye J1 badala ya 0. Mtu akiweka hiyo ndani ya "if" inahesabiwa kuwa kweli, na jedwali zima linawaka.

#23 Tandahimba Juu

Ndani ya chumba cha mtihani hakuna Python. Mistari minane kwa mkono ni dakika mbili, tatu, na hutakiwi kuijaza yote. Kila kipande cha herufi mbili kati ya tatu kinawasha mistari miwili, weka alama kwenye hiyo tu. Mwisho angalia mambo mawili: kila 1 imepata alama, na hakuna 0 iliyopata alama. Wengi wanaangalia la kwanza wakasahau la pili, na kipande kilichozidi ndicho kinachoingia kwenye 0.

#24 Korosho Ghafi

Na sehemu ya (c)? Huyo wa tatu kakatwa na huko pia, eti saketi yake ina mageti mengi.

#25 Fundi Shangani

Tuhesabu basi, kwa NAND za miguu miwili, na NOT itengenezwe kwa NAND iliyounganishwa miguu yake yote miwili. Majibu yote yanahitaji A', B' na C', hizo ni tatu.

La kwanza: NAND moja kwa kila kipande, tatu. Halafu zinakutana kwenye NAND ya miguu mitatu, ambayo kwa za miwili unaijenga na tatu: NAND, ya kugeuza, NAND. Jumla 3 + 3 + 3 = 9. La pili ni hivyo hivyo, 9.

La tatu: vipande vinne, NAND nne. Zinakutana kwenye ya miguu minne, ambayo inakula tano. Na tatu za kugeuza. Jumla 12.

La mabano la Binti Mikindani: kila bano linakula tatu, hizo sita, kuyaunganisha kunakula mbili, na tatu za kugeuza. Jumla 11. Lilikuwa fupi kwenye karatasi, kwenye NAND limerefuka.

Sasa jambo ambalo msahihishaji angelitazama: 74HC00 ina NAND nne ndani. Tisa zinahitaji chipu tatu. Kumi na moja zinahitaji chipu tatu. Kumi na mbili zinahitaji chipu tatu, zinajaa kabisa. Ukienda kwa fundi redio, au ukiagiza Kariakoo, saketi zote hizo ni bei moja.

#26 Mwalimu wa Nachingwea

Bei moja, ila waya hazilingani. Mageti matatu zaidi ni sehemu tisa zaidi za kukosea kwenye bredibodi. Maksi ya "kadiri inavyowezekana" ina maana yake, mimi ningemkata wa tatu kidogo kwenye (b), lakini (c) ningemsahihisha kwa usemi wake mwenyewe. Asikatwe mara mbili kwa jambo moja.

#27 Binti Mikindani

Mimi nisingemkata hata kwenye (b), na nina sababu ya saketi.

Chukua jibu la kwanza. Shika B=0 na C=1, halafu A itoke 1 kwenda 0. Kabla, AC ndiyo inawasha F. Baada, A'B' ndiyo inawasha. Lakini A' inapitia geti la kugeuza, inachelewa. Kwa nanosekunde kadhaa AC imezima na A'B' bado, na F inashuka 0 kisha inarudi 1, ingawa jedwali linasema 1 kabla na 1 baada. Hilo linaweza kutokea kila unapovuka kiungo cha pete ambacho hukukichagua. La kwanza limeacha viungo vitatu, la pili vitatu. La tatu limeacha viwili tu, A'B' na AB. Kwa hiyo saketi ya kijana wa tatu ina mianya michache kuliko ya mwongozo.

#28 Bandari Kavu

Nanosekunde nani anaziona? Taa ya LED haitapepesa.

#29 Binti Mikindani

Jicho haliioni, hapo sawa. Osiloskopu inaiona, na kihesabio kikiwa mbele kinaiona. Peleka F kwenye mguu wa saa wa flipu-flopu uone kama haihesabu moja ya ziada.

Na ukitaka kuziba yote kwa jumla ya vipande, unaandika vipande sita vyote vya pete, kirefu kuliko vyote. Au unatumia yale mabano mawili: 0 zake mbili, 011 na 100, si majirani, kwa hiyo herufi moja ikibadilika hakuna pa kushtuka. Pitisha 101 kwenda 001 uone: bano la kwanza linashikiliwa na B', la pili linashikiliwa na C, hakuna linalosubiri A'. Kwa NOR inakaa kwenye 74HC27 moja, NOR tatu za miguu mitatu, ya mwisho mguu wake mmoja ukiufunga kwenye ardhi, pamoja na 74HC04 ya kugeuza.

#30 Mwalimu wa Nachingwea

Hayo ni kweli yote, Binti, ila swali halikuuliza mianya. Mwanafunzi hakuacha vipande vinne kwa kuzuia mshtuko wa F, aliviacha kwa kukwama. Tunamsahihisha kwa alichoulizwa.

#31 Binti Mikindani

Na halikuuliza idadi ya vipande pia. Limesema "kadiri inavyowezekana", na kwa kufuta hakikuwezekana zaidi. Tutabaki hapo hapo mwalimu.

#32 Maji ya Bomba

Naomba kuchomekea. Tanki langu lina floti mbili, ya juu na ya chini, na swichi ya mkono. Floti ya juu haiwezi kulowa ya chini ikiwa kavu, kwa hiyo mistari miwili kati ya minane haitokei. Nikisema A ni ya juu na B ya chini, mistari ya 100 na 101 naipa X, na kwenye jedwali la mwanzisha uzi F inakuwa A + B' + C' tu. Mbona hamkutumia hiyo?

#33 Tandahimba Juu

Kwa sababu jedwali la swali limeandika 0 kwenye 100, halikuandika X. Herufi A, B, C za mtihani si floti zako. X unaipewa, hujipi.

Na kwa tanki lako, angalia sana. Floti ya chini huwa inanasa, matope au kamba, ikabaki inasema kavu wakati tanki limejaa. Mstari ule "usiotokea" umetokea. Ukiupa X na urahisishaji ukaichukua kama 1, pampu inaendelea kusukuma maji yakimwagika. Mstari wa juu mbichi chini kavu uandikie 0 mwenyewe, pampu izime, hata kama usemi utaongezeka herufi moja.

#34 Maji ya Bomba

Nimekuelewa kaka. Na swichi ya mkono ishinde floti au floti ishinde swichi?

#35 Tandahimba Juu

Fungua uzi wake, huo ni mrefu.

#36 Korosho Ghafi

Mrejesho. Mwalimu wa somo kakubali la pili bila shida baada ya kuonyeshwa mistari minane. La tatu kasema atalipa maksi zote za (c) na nusu za (b), kisha kabadilisha kauli, kasema atakaa kwanza na mwenzake. Vijana wenyewe sasa wanataka kuijenga kwenye bredibodi. Wameunganisha la kwanza kwa 74HC00 tatu, na mstari wa 011 unawaka taa wakati mwingine na wakati mwingine hauwaki.

#37 Fundi Shangani

"Wakati mwingine" kwenye 74HC nusu ya mara ni mguu unaoelea. Mambo ya kuangalia kwa mfuatano: mguu wa 14 kwenye volti 5 na wa 7 kwenye ardhi, kwa chipu zote tatu, si moja. Swichi zao zinapofunguliwa mguu unabaki hewani, waweke kizuizi cha kilo-omu 10 kwenda ardhini kwa kila herufi. Zile NAND tatu zilizobaki bila kazi, miguu yao ya kuingiza ifungwe ardhini, ya kutoa iachwe. Kisha wapime kwa multimita wakiwa kwenye 011: miguu ya kutoa ya NAND za vipande vyote vitatu lazima iwe juu, karibu volti 5. Iliyo chini ndiyo yenye waya mbaya.

#38 Korosho Ghafi

Vizuizi hawakuweka hata kimoja. Naenda kuwaambia.

#39 Dafu la Kilwa

Nimechora upya kwa 00, 01, 11, 10. Nimepata A'B' + B'C + AC + AB + BC' + A'C'. Sasa nifute ipi kwanza?